Pembe ya Uzi Bila Kipimapembe: Kukokotoa Pendulamu ya Koni kwa Kasi Peke Yake

Funga nati ya chuma kwenye ncha moja ya uzi, ncha ya pili ining'inize kwenye msumari uliopigiliwa juu ya boriti. Vuta nati kando kidogo, kisha badala ya kuiachia tu, isukume kwa ubavu. Ikisukumwa vizuri haitakwenda mbele na kurudi nyuma kama pendulamu ya saa ya ukutani. Itazunguka katika duara lililolala sambamba na sakafu, na uzi utafagia hewani umbo la koni. Ndiyo maana chombo hiki huitwa pendulamu ya koni.

Mholanzi Christiaan Huygens, aliyebuni saa ya pendulamu mwaka 1656, alikaa na mwendo huu akaupigia hesabu mwaka 1659. Matokeo aliyachapa mwaka 1673, mwishoni mwa kitabu chake cha saa kiitwacho Horologium Oscillatorium, tena bila kuonyesha uthibitisho. Leo hesabu hiyo imo katika fizikia ya sekondari, na swali lake huja kwa maneno machache: uzi una urefu wa meta 1, nati inazunguka kwa kasi ya meta 2 kwa sekunde, tafuta pembe ya uzi na kipindi cha mzunguko.

Swali linaonekana jepesi, na wengi hulikosa. Sababu ni moja: kanuni ya mwendo wa duara inadai nusu kipenyo, na swali halikukitaja. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kukipata, na namna ya kujua, kabla ya kuangalia majibu nyuma ya kitabu, kama hesabu imekwenda sawa.

Kani mbili tu

Chora picha kwanza. Weka nukta juu kwa ajili ya msumari, shusha mstari wima kutoka hapo, halafu chora uzi ukiwa umeinama kando ya mstari huo. Pembe kati ya mstari wima na uzi ndiyo θ. Urefu wa uzi, kuanzia msumarini hadi katikati ya nati, ni L. Umbali kutoka kwenye mstari wima hadi katikati ya nati ni r, yaani nusu kipenyo cha duara.

Ukiacha hewa, nati inaguswa na kani mbili tu: uzito wake, mg, unaoivuta chini, na mvutano wa uzi, F, unaoivuta kuelekea msumarini. Wanafunzi wengi huongeza kani ya tatu inayosukuma nati nje. Anayesimama chini na kuitazama nati ikizunguka haihitaji kani hiyo, na akiichora atajikuta anajumlisha kitu mara mbili.

Sasa ugawe mvutano wa uzi katika sehemu mbili. Sehemu ya wima, F cos θ, inabeba uzito, kwa kuwa nati haipandi wala haishuki. Sehemu ya mlalo, F sin θ, ndiyo inayoipinda njia ya nati kuelekea katikati ya duara:

```
F cos θ = m g
F sin θ = m v² / r
```

Gawanya mstari wa pili kwa wa kwanza. Masi inafutika, mvutano nao unafutika, na kinachobaki ni hiki:

```
tan θ = v² / (g r)
```

Kufutika kwa masi kuna maana yake mezani. Ukibadilisha nati ndogo kwa kubwa, uzi ukabaki na urefu uleule na kasi ikabaki ileile, pembe haibadiliki. Kinachobadilika ni jinsi uzi unavyokazwa.

Nusu kipenyo kilichofichwa

Hapa ndipo kosa la kawaida linapoingia. Mwanafunzi anaona herufi r, anatafuta urefu wowote uliotajwa kwenye swali, anakuta meta 1, na kuiweka. Lakini meta 1 ni urefu wa uzi. Duara ni dogo kuliko hapo, na ukubwa wake unategemea pembe ileile inayotafutwa:

```
r = L sin θ
```

Kwa hiyo kuna visivyojulikana viwili, pembe na nusu kipenyo, na kila kimoja kinamngojea mwenzake. Dawa yake ni kukiondoa kimoja. Weka L sin θ mahali pa r, na ukumbuke kwamba tanjenti ni saini iliyogawanywa kwa kosini. Ukizidisha pande zote mbili unapata:

```
sin² θ / cos θ = v² / (g L)
```

Upande wa kulia una vitu vinavyojulikana tu. Uupe jina moja, k, ili mkono usichoke kuandika. Hauna kizio, kwa sababu meta na sekunde zote zinafutana. Kama kwako zimebaki, kuna kitu kimewekwa vibaya. Upande wa kushoto bado una saini na kosini pamoja, lakini sin² θ ni sawa na 1 − cos² θ. Andika c badala ya cos θ, na mlinganyo unakuwa wa kipeo cha pili, wa aina inayofundishwa katika hisabati ya kawaida:

```
c² + k c − 1 = 0
c = ( −k + √(k² + 4) ) / 2
```

Mlinganyo wa aina hii una majibu mawili, lakini hapa huna haja ya kujiuliza lipi ni lipi. Majibu hayo yakizidishwa pamoja hutoa −1. Moja likiwa chanya na dogo kuliko 1, lingine lazima liwe hasi na lipite −1, na hakuna pembe yenye kosini ya namna hiyo. Chukua la chanya, lingine litupe.

Mfano wenyewe, hatua kwa hatua

Turudi kwenye nati yenye uzi wa meta 1 na kasi ya meta 2 kwa sekunde. Kwa g tumia 9.81.

Hatua ya kwanza ni k. Mraba wa kasi ni 4. Ukigawanya kwa 9.81 mara 1 unapata 0.4077. Hatua ya pili ni kosini. Mraba wa k ni 0.1663, ongeza 4, upate 4.1663, ambayo kipeuo chake cha pili ni 2.0411. Toa 0.4077, gawanya kwa 2: kosini ni 0.8167. Hatua ya tatu, bonyeza kosini ya kinyume kwenye kikokotoo: pembe ni digrii 35.2. Kikokotoo kikitoa namba kama 0.615, si kwamba hesabu imeharibika. Kimewekwa kwenye radiani badala ya digrii.

Hatua ya nne ni kipindi, yaani muda wa mzunguko mmoja kamili. Saini ya pembe hiyo ni 0.577, kwa hiyo nusu kipenyo ni meta 0.577. Mzingo wa duara ni 2π mara 0.577, yaani meta 3.63. Nati inakwenda meta 2 kila sekunde, basi inamaliza mzunguko kwa sekunde 1.81.

Kuna njia ya pili ya kukifikia kipindi, isiyopitia kasi kabisa. Ukirudi kwenye tan θ na kuandika kasi kama mzingo uliogawanywa kwa muda, nusu kipenyo kinafutika na kubaki:

```
T = 2π √( L cos θ / g )
```

Kiasi L cos θ ni kimo cha koni, yaani umbali wa wima kutoka msumarini hadi usawa wa duara. Hapa kimo ni meta 0.8167. Gawanya kwa 9.81, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 2π: sekunde 1.81. Njia mbili, jibu moja. Ukitaka na mvutano wa uzi, gawanya uzito kwa kosini. Nati ya gramu 50 ina uzito wa nyutoni 0.49, na uzi unavutwa kwa nyutoni 0.60.

Namna ya kulinasa kosa

Hizi njia mbili za kipindi ndizo kipimo cha kujikagua, kwa sababu zinakubaliana pale tu pembe inapokuwa sahihi. Tuseme mtu ameweka meta 1 mahali pa r. Tanjenti kwake ni 4 kwa 9.81, yaani 0.408, na pembe ni digrii 22.2. Namba hiyo haina dalili yoyote ya ubaya. Ingepita kwenye daftari bila mtu kushtuka.

Mpeleke kwenye kipindi. Kwa pembe ya digrii 22.2, saini ni 0.378, hivyo duara lina nusu kipenyo cha meta 0.378, na kwa kasi ya meta 2 kwa sekunde mzunguko unachukua sekunde 1.19. Kwa njia ya kimo, kosini ni 0.926, na mzunguko unachukua sekunde 1.93. Nati moja haiwezi kuzunguka kwa vipindi viwili. Tofauti hiyo ndiyo inayomfichua, na ni hesabu ya nusu dakika tu.

Kasi ikipanda

Inafaa kuiona hesabu ikifanya kazi kwa kasi tofauti kwenye uzi uleule wa meta 1. Kwa meta 1 kwa sekunde, pembe ni digrii 18.1 na kipindi ni sekunde 1.96. Kwa meta 2, kama tulivyoona, ni digrii 35.2 na sekunde 1.81. Kwa meta 4, pembe inafika digrii 61.6 na kipindi kinashuka hadi sekunde 1.38.

Angalia kilichotokea kasi ilipoongezwa maradufu mara ya pili. Pembe haikuongezeka maradufu, na ukiendelea kuongeza kasi itazidi kusitasita. Haitafika digrii 90 hata siku moja. Uzi ukilala kabisa, mvutano wake unakosa sehemu ya wima, na hakuna tena kinachobeba uzito wa nati. Badala ya pembe, kinachopanda kwa haraka ni mvutano: kwenye meta 4 kwa sekunde, uzi wa nati ile ya gramu 50 unavutwa kwa nyutoni 1.03, zaidi ya mara mbili ya uzito wenyewe. Uzi dhaifu hukatikia huku.

Upande wa pili, kasi ikiwa ndogo, kipindi karibu hakibadiliki. Duara la nusu kipenyo cha sentimeta 10 linachukua sekunde 2.00, na la sentimeta 30 sekunde 1.96. Macho hayatatofautisha. Jambo hili lina matokeo makubwa kwa anayepima, kama inavyoonekana hapa chini.

Kujaribu kwa mkono

Vifaa ni uzi usionyumbuka, nati nzito kiasi, rula au futi ya kupimia, chaki na simu yenye saa ya kuhesabu muda. Uzi wa kushonea au wa kuvulia samaki unafaa. Mpira wa kufungia vitu haufai, kwa kuwa urefu wake hubadilika kila mvutano unapobadilika.

Pima L hadi katikati ya nati, si hadi kwenye fundo. Acha nati itulie, na chini yake weka alama sakafuni. Kutoka kwenye alama hiyo chora kwa chaki duara lenye nusu kipenyo cha sentimeta 30. Nati ining'inie karibu na sakafu, sentimeta chache tu, ili iwe rahisi kuona kama inapita juu ya chaki. Ukiitazama kutoka kando itakudanganya, kwa hiyo tazama kutoka juu.

Kuianzisha ndiyo kazi. Ukiisukuma polepole mno au kwa nguvu mno, haitachora duara, itachora umbo la yai, na umbo lenyewe litageuka polepole kadiri nati inavyozunguka. Katika yai kasi hailingani: nati hukimbia zaidi inapokuwa karibu na katikati na kupunguza mwendo inapokuwa mbali, na kanuni zote zilizotangulia zinakosa mashiko. Njia inayosaidia ni kushika uzi karibu na msumari kwa vidole viwili na kuuzungusha kwa vijiduara vidogo hadi nati ifuate chaki pande zote, kisha kuuachia taratibu. Usianze kuhesabu kabla ya kuuachia. Mkono unaoendelea kuzungusha unaihamisha ncha ya juu ya koni, na pale uzi ulipofungwa si tena pale unapozungukia.

Hesabu mizunguko 20, na nati inapopita alama uliyoichagua kwenye mstari wa duara mara ya kwanza sema "sifuri", si "moja". Anayeanza na moja hupima mizunguko 19 huku akigawanya kwa 20, na jibu lake hupungua kwa asilimia 5. Kwa uzi wa meta 1 na duara la sentimeta 30, mizunguko 20 inatarajiwa kuchukua karibu sekunde 39.2. Gawanya kwa 20, upate sekunde 1.96. Mzingo ni meta 1.885, hivyo kasi ni meta 0.962 kwa sekunde.

Ingiza kasi hiyo kwenye kanuni. k inakuwa 0.0943, kosini 0.954, pembe digrii 17.5. Sasa linganisha na jiometri tupu: r kwa L ni 0.30, na pembe yenye saini ya 0.30 ni digrii 17.5. Zikikubaliana, ujue nati ilizunguka kwenye duara kweli na vipimo vyako ni vizuri. Zikitofautiana kwa digrii mbili au tatu, shuku kwanza urefu wa uzi, kisha umbo la njia, kisha idadi ya mizunguko. Hewa nayo hula mwendo taratibu na kulifanya duara lisinyae, ndiyo maana mizunguko 20 inafaa kuliko 100.

Kuna kishawishi cha kuiruka kasi na kutafuta pembe moja kwa moja kutoka kwenye kipindi, kwa kuigeuza ile kanuni ya kimo. Kwa duara dogo ni njia mbaya. Tuseme kidole kimechelewa kubonyeza simu kwa sehemu mbili za kumi za sekunde katika zile 39.2. Hilo ni kosa la nusu asilimia, lakini kosini inakosea kwa asilimia 1, na pembe inaweza kutoka popote kati ya digrii 15.5 na 19.2. Kasi ikikosewa hata kwa asilimia 1 nzima, pembe inasogea kwa chini ya robo ya digrii. Muda unajua kimo cha koni, na kimo cha koni nyembamba hubadilika kidogo sana pembe inapobadilika. Kasi inalijua duara lenyewe.

Mahali kanuni inapogota

Kanuni hii inahusu uzi uliofungwa kwenye mhimili wenyewe wa mzunguko. Bembea za viti zinazozunguka kwenye viwanja vya michezo ya watoto zinafanana nayo kwa sura, lakini minyororo yake imefungwa ukingoni mwa gurudumu, mbali na mhimili. Hapo nusu kipenyo ni umbali wa ukingo kutoka katikati, tuuite R, ukijumlishwa na L sin θ:

```
tan θ = v² / ( g (R + L sin θ) )
```

Mlinganyo huu hauwi wa kipeo cha pili, na ile kanuni fupi ya kosini haitumiki. Anza kwa kukisia pembe, kokotoa upande wa kulia, pata pembe mpya, iingize tena, na uendelee hadi namba iache kusogea. Mashine ya kudhibiti mwendo aliyoiweka James Watt kwenye injini za mvuke mwaka 1788, yenye tufe mbili zinazoachana injini inapokimbia, ni ya ukoo huohuo. Kwenye mashine ambayo mikono yake imefungwa juu ya mhimili wenyewe, na tufe hazina mzigo wa ziada wa kubeba, kimo cha koni kwa mizunguko 60 kwa dakika ni sentimeta 24.8, mikono iwe mirefu au mifupi, mradi iwe mirefu kuliko kimo hicho.

Kwa swali la kawaida la uzi mmoja na msumari mmoja, kokotoa kipindi kwa njia zote mbili kila mara: mzingo kwa kasi, na kimo cha koni. Vikipishana, rudi ukatazame ulichoandika mahali pa r kabla ya kugusa mstari mwingine wowote.